Mbwa kakwamwa na mfupa, kadondoka, hapumui: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafanya kazi kwenye kliniki ya mifugo hapa Dar, na simu za namna hii huwa zinakuja Jumapili jioni na siku za sikukuu, yaani siku ambazo mifupa iko mingi. Anayepiga anakuwa analia na mbwa yuko chini, na hapo hamna muda wa kufundishana kila kitu. Ndo mana nimeandika humu yale maswali ninayoulizwa zaidi, kwa mpangilio ambao mambo hutokea, kuanzia mfupa kukwama mpaka kubonyeza kifua. Soma kabla hujayahitaji.

Nitajuaje kakwamwa kweli na sio kikohozi tu?

Sikiliza sauti. Mbwa anayekohoa kwa kelele, kho kho kho, kama anataka kutapika, huyo hewa inapita, hata kama inatisha kumwangalia. Wa kuogopa ni yule aliyenyamaza. Anafungua mdomo, shingo kainyoosha mbele, mbavu zinavuta ndani kwa nguvu lakini husikii kitu, au unasikia kafilimbi kembamba tu, anajikwaruza mdomo kwa miguu ya mbele, anazunguka kwa hofu. Mnyanyue mdomo uone fizi. Fizi za kawaida ni za pinki (kama mbwa wako ana fizi nyeusi za asili, angalia ulimi au ndani ya kope), zikiwa za bluu au kijivu basi hewa haifiki na una dakika chache sana.

Kuna vitu vitatu watu huchanganya na kukwamwa. Wa kwanza ni mbwa anayevuta hewa kwa pua kwa mikoromo mfululizo, amesimama wima, alafu baada ya dakika moja anaendelea na shughuli zake kama hamna kilichotokea, hiyo ni kama chafya ya kinyumenyume na haina shida. Wa pili ni yule ambaye mfupa umeenda njia ya chakula badala ya njia ya hewa: anapumua vizuri, ila udenda unamwagika na kila akimeza anarudisha. Huyo ni wa daktari leo leo, lakini usimkandamize tumbo. Wa tatu ni mbwa mkubwa anayejikamua kutapika bila kutoa kitu huku tumbo limevimba na kukaza kama ngoma. Hapo tumbo lenyewe limejisokota, hakuna huduma ya nyumbani, panda gari.

Anakohoa kwa sauti, nimsaidieje?

Muache akohoe. Kikohozi chake mwenyewe kina nguvu kuliko mikono yako. Mtulize, usimkimbize, usimlaze chali, mpeleke kwa daktari akiwa amekaa anavyotaka yeye. Na tafadhali msimpe tonge la ugali eti lisukume mfupa, wala maji, wala mafuta ya kula, wala yai bichi. Mnyama ambaye koo lake halifanyi kazi vizuri ukimmiminia kitu kinaingia kwenye mapafu, na hapo umeongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Mdomo uko wazi, udenda unatiririka, hawezi kumeza. Niingize mkono nitoe mfupa?

Subiri kwanza. Swali hili nalijibu kirefu kwa sababu huku kwetu linaweza kuua mtu. Mbwa mwenye kichaa cha mbwa anaweza kuonekana hivo hivo: taya limelegea linaning'inia, udenda, hawezi kumeza maji, sauti ya kubweka imebadilika. Watu wema wanaingiza mkono kutafuta mfupa ambao haupo, na virusi viko kwenye huo udenda.

Jiulize mambo mawili. Umemuona akitafuna mfupa au mpira dakika chache zilizopita? Na chanjo yake ya kichaa unaijua, ina tarehe kwenye kadi? Mbwa aliyekuwa mzima, kapewa mfupa, papo hapo kaanza kuhangaika, huyo kakwamwa. Ila mbwa ambaye jana alikuwa mpole kupita kawaida au mkali bila sababu, leo taya limeanguka, hukumuona akila kitu, au ni mbwa wa mtaani usiyemjua, huyo usimguse mdomo kabisa. Mfungie mahali, zuia watoto, piga simu kwa afisa mifugo. Kama tayari udenda umekugusa kwenye kidonda, jicho au mdomo, au amekung'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, jicho au mdomo kwa maji tu, dakika 15 kamili ukiangalia saa, alafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanzishiwe chanjo. Ukingoja mpaka dalili zije kwako, umechelewa.

Sawa, mbwa namjua, kachanjwa, na hewa haipiti kabisa. Naanzaje?

Kama bado amesimama na ana fahamu, angalia mdomoni mara moja, mtu mwingine akimshika kichwa. Saa ingine mfupa umekaa kama daraja kwenye paa la mdomo, kati ya magego ya kushoto na kulia, unauona waziwazi na unatoka kwa kuusukuma na mpini wa kijiko. Ukikiona kitu na kinafikika, kitoe. Usipokiona, usichokonoe na vidole gizani, mana utakisukuma ndani zaidi. Na nyuma ya ulimi utagusa kitu kigumu chembamba, kulia na kushoto, hicho ni kifupa cha mbwa mwenyewe kinachobeba ulimi, kuna watu wamekivuta wakidhani ndo chenyewe. Uzi wa ndoano au kamba vilevile usivute.

Hamna kitu unachokiona? Inamisha kichwa chake kiwe chini kuliko makalio. Kadogo unakanyanyua miguu ya nyuma, kakubwa unamnyanyulia makalio tu kama unasukuma toroli. Piga kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega, mara 5, kwa nguvu inayolingana na mwili wake. Haijatoka, nenda nyuma yake, mzungushie mikono tumboni, kunja ngumi uiweke sehemu laini pale mbavu zinapoishia, vuta kwa ghafla kuelekea juu na mbele upande wa kichwa, mara 5. Kijibwa kidogo unamshikilia mgongo ukiwa kwenye kifua chako na kutumia vidole viwili vitatu tu badala ya ngumi. Angalia mdomoni tena. Rudia mzunguko. Msaidizi yeyote mliye naye awe anatafuta usafiri muda huo huo, sio baadae.

Ni mpira umekwama, unateleza haushikiki.

Mpira una njia yake. Mlaze chali, tafuta mpira kwa nje, kwenye koo chini ya taya, weka dole gumba zote mbili chini ya mpira upande wa kifua, alafu sukuma kuelekea mdomoni huku mwenzio amefungua taya. Yaani unautoa kama unavyokamua kitu kutoka kwenye mfuko. Kuutafuta kwa vidole kutokea mdomoni kunaurudisha ndani kila ukiugusa.

Kadondoka. Nitajuaje kama kazimia tu au moyo umesimama?

Muite jina kwa sauti, mpige piga begani, mtikise. Hajashtuka? Angalia mbavu zake, kwa sekunde 10 sio zaidi. Zinapanda na kushuka? Kama zinapanda, yuko hai, kazimia au ana kifafa au joto limemzidi, usimbonyeze kifua. Mlaze upande, nyoosha shingo, muwahishe. Akiwa anatetemeka na kupiga piga miguu ni degedege, usiweke mkono wala kijiko mdomoni. Akiwa alikuwa juani au kafungiwa kwenye gari na mwili unaunguza, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea, njia nzima mpaka kliniki.

Haitiki na hapumui, anza kubonyeza. Usipoteze muda kutafuta mapigo ya moyo kwenye paja, hata sisi tunakosea, mtu anahisi mapigo ya vidole vyake mwenyewe anadhani ni ya mbwa. Na kuna mtego mmoja: mbwa ambaye moyo umesimama anaweza kuvuta pumzi moja kubwa ya ghafla, taya likafunguka, alafu kimya sekunde nyingi, alafu tena. Hiyo sio kupumua. Mhesabie kama hapumui.

Na kabla ya kubonyeza mbwa aliyekwamwa, fungua mdomo, vuta ulimi nje kwa kitambaa au upande wa khanga (unateleza sana), angalia. Sasa amelegea, mara nyingi kitu ambacho hukukiona mwanzo unakiona.

Nabonyeza wapi?

Mlaze kwa ubavu sakafuni, sio kwenye kochi wala godoro, mana nguvu yote itaishia kwenye sponji. Ubavu wa kulia au wa kushoto yote sawa. Piga magoti upande wa mgongo wake, mapaja yako yamzuie asiteleze.

Mahali pa mikono panategemea umbo la kifua. Mbwa wengi wakubwa wenye kifua cha duara, kama rotiweila au labrado, unaweka mikono pale kifua kilipo kipana zaidi. Mwenye kifua chembamba kilichoshuka chini, kama dobamani na mbwa wetu wengi wa kienyeji, unaweka juu ya moyo wenyewe: kunja mguu wa mbele kurudi nyuma, kiwiko kinapogusa ubavu ndo hapo. Buldogi na wenzake waliopanuka kama pipa wanalazwa chali na unabonyeza katikati ya mfupa wa kifua. Kijibwa au mtoto wa mbwa unakizungushia kiganja kimoja kifua chake, dole gumba upande huu vidole upande ule, unaminya juu ya moyo.

Ukisahau yote hayo, mlaze ubavu ubonyeze panapofikiwa na kiwiko. Kuanza mahali pasipo kamili ni bora kuliko kusimama unakumbuka.

Kwa nguvu gani na kwa kasi gani?

Kiganja juu ya kiganja, viwiko vimenyooka, mabega yako juu kabisa ya mikono, unatumia uzito wa mwili. Ukitumia misuli ya mikono utachoka ndani ya dakika moja. Kifua kishuke theluthi moja mpaka nusu ya upana wake. Chukulia mbwa ambaye akilala ubavu kifua chake kina unene wa sentimita 18 kutoka sakafuni, basi kinashuka sentimita 6 mpaka 9. Ni nyingi, ndio. Watu wengi wanabonyeza kama wanampapasa na damu haiendi popote. (Kwa buldogi aliyelala chali ni kidogo zaidi, robo ya kina cha kifua inatosha.)

Kasi ni mara 100 mpaka 120 kwa dakika, yaani karibu mbili kila sekunde. 30 zinaisha ndani ya sekunde 15 hadi 18, ukimaliza ndani ya sekunde 10 unakimbia mno.

Na kitu ambacho nakirudia kila simu: baada ya kila kubonyeza, ACHIA. Mikono ibaki inagusa lakini uzito utoke, kifua kirudi juu chote. Moyo unajaa damu wakati huo wa kuachia, usipoachia unabonyeza moyo mtupu. Mtu akichoka anaanza kuegemea bila kujua, kwa hiyo mpokezane kila dakika 2, haraka, bila mapumziko katikati.

Nimpulizie hewa? Naona kinyaa, na naogopa kichaa.

Kinyaa nakielewa, hofu ya kichaa naiheshimu kabisa. Mbwa usiyejua chanjo yake, au unayehisi kalishwa sumu, mapovu yanamtoka mdomoni, usimpulizie. Bonyeza kifua tu bila kusimama.

Ila mbwa wako uliyemchanja na kilichomuangusha ni kukosa hewa, hapo pumzi zina maana kubwa mana damu unayoizungusha haina oksijeni. Kila baada ya kubonyeza 30, pumzi 2. Rudisha ulimi ndani, funga mdomo kwa mkono mmoja, shingo inyooke sawa na mgongo, mdomo wako ufunike pua zake zote mbili, puliza kwa sekunde moja mpaka uone kifua kinanyanyuka kama anavyopumua kawaida, basi, achia, puliza ya pili, rudi kwenye kifua. Mtoto wa mbwa anahitaji pumzi ya mashavu tu. Kifua hakijanyanyuka? Rekebisha shingo, bado hakinyanyuki basi kitu kiko kooni, fungua uangalie tena. Kule kubonyeza kifua kwenyewe huwa kunakisukuma juu, kwa hiyo usikate tamaa kwamba mwanzo hakikuonekana.

Nipe mfano halisi, ilienda vipi mpaka mwisho?

Jumapili moja saa kumi jioni kaka mmoja akapiga, "Dada, mbwa wetu anakufa." Mbwa wa geti, wa kienyeji, kilo kama 22, chanjo zake tulikuwa tunazijua. Watoto walimrushia pingili ya mfupa wa mbuzi akaimeza nzima kwa kuogopa mwenzie asimnyang'anye. Nikamuuliza "anatoa sauti?" akasema hapana, ulimi umekuwa wa bluu. Nikamwambia weka spika, simu chini, mdogo wako aende kumsimamisha bajaji.

Akampiga mgongoni 5, akamvuta tumbo 5, akaangalia, hamna. Katikati ya mzunguko wa pili nikasikia "kaanguka." Nikamwambia fungua mdomo, vuta ulimi na khanga, unaona nini? "Kitu cheupe, mbali, sikifikii." Mama yao akaweka dole gumba kwa nje chini ya taya akasukuma kuelekea mdomoni, kaka akakidaka kwa vidole viwili. Kimetoka. Wakashangilia, na hapo ndo nikasikia kimya ambacho sikukipenda. "Anapumua?" Hapumui.

Wakamlaza kwenye sementi ya kibaraza, mikono pale kiwiko kinapogusa. Namsikia anahesabu haraka mno, nikaanza kuhesabu mimi na yeye anifuate. 30, pumzi 2, "kifua kimenyanyuka?" Kimenyanyuka. Kwenye mzunguko wa tatu mama akasema "kapumua!" na kaka akaacha. Ilikuwa ile pumzi moja ya ghafla, ya mtego. Nikawaambia rudi kifuani, nikagundua pia kutokana na anavyohema kwamba amechoka na anaegemea, nikambadilisha na mama. Mama alibonyeza vizuri kuliko yeye. Mzunguko wa saba pumzi ikaja, ikaja nyingine, zikafuatana. Hapo ndo wakasimama.

Alifika kwetu macho wazi, anapumua mara 52 kwa dakika akiwa amelala, mbwa ametulia huwa ni 10 mpaka 30. Tulimlaza na oksijeni usiku mzima. Akarudi getini siku ya tatu.

Si nitamvunja mbavu?

Inawezekana. Ubavu uliovunjika unapona kwa mbwa aliye hai. Kinachokatazwa ni kubonyeza mbwa ambaye moyo wake unapiga na anapumua, kwa hiyo msijifunzie kwa mbwa mzima hata kwa utani, jifunzieni kwenye mfuko uliojazwa nguo kubana, mkihesabu kwa saa.

Niendelee mpaka lini?

Mpaka aanze kupumua mwenyewe mfululizo, au mfike kwa daktari, au mmechoka hamna wa kupokea. Kila dakika 2 mnapobadilishana angalia kifua kwa sekunde chache tu. Mimi nikiwa kwenye simu huwa naweka dakika 20 kama mwisho, baada ya hapo bila dalili yoyote nawaambia waache, na nawaambia ukweli kwamba hata hospitalini wanyama wengi ambao moyo umesimama hawarudi. Aliyekwamwa ana nafasi nzuri kidogo kuliko aliyedondoka kwa ugonjwa wa muda mrefu, kwa sababu chanzo chake kinaweza kutolewa kwa vidole. Kwenye bajaji inayorukaruka ni ngumu kubonyeza vizuri, kama daktari yuko mbali zaidi ya dakika chache anzeni hapo hapo chini.

Kazinduka, anatikisa mkia. Bado nimpeleke?

Mpeleke, hata kama anakimbia. Mbwa aliyevuta hewa kwa nguvu dhidi ya koo lililoziba anaweza kujaa maji kwenye mapafu saa kadhaa baadae, na kule kuvuta tumbo kunaweza kuwa kumejeruhi ini au wengu. Akizinduka atakuwa kachanganyikiwa, anaweza kukung'ata hata wewe unayemlisha, kwa hiyo uso wako ukae mbali na mdomo wake, na msimzunguke watu kumi. Asile wala kunywa kitu mpaka daktari aone anameza sawa.

Ukirudi naye nyumbani, kwa siku mbili hivi mhesabie pumzi akiwa amelala usingizi, dakika nzima. Zikipita 40, au akikohoa povu lenye rangi ya pinki, au anakataa kulala ubavu anakaa tu kanyoosha shingo, au tumbo linavimba, rudi naye kliniki hata kama ni saa nane za usiku.